Mkunjo wa ROC Haujui Una Wagonjwa Wangapi

Programu ya kusoma picha za eksirei ya kifua humpa kila mtu alama, tuseme kati ya 0 na 100. Kadiri alama inavyopanda, ndivyo programu inavyoshuku zaidi kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za namna hii zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchuja watu wenye miaka 15 na zaidi. Alama hiyo si jibu la ugonjwa. Ni lazima mtu aamue kizingiti: kuanzia alama fulani kwenda juu, mhusika anaitwa atoe makohozi yapimwe kwa mashine ya vinasaba, na walio chini ya hapo wanakwenda nyumbani.

Muuzaji wa programu huja na karatasi yenye mstari uliopinda vizuri kuelekea kona ya juu kushoto, na chini yake imeandikwa `AUC = 0.87`. Mratibu wa mradi ana maswali mawili tu. Nitaita watu wangapi? Na kati ya hao, wangapi watakuwa wagonjwa? Ile namba hailijibu hata moja. Lakini mkunjo wenyewe una karibu kila kinachotakiwa ili kupata majibu, ila inabidi uongeze kitu kimoja ambacho hauna: wagonjwa ni wangapi kati ya watu utakaowapima. Ukiongeza hicho, unapata mkunjo wa pili, ule wa uhakika na unasaji. Nitaeleza jinsi ya kutoka wa kwanza kwenda wa pili, kwanza kwa kalamu na karatasi, kisha kwa mistari michache ya Python.

Kuna vipimo vitatu vya kukumbuka. Kati ya wagonjwa wote, sehemu iliyoitwa nitaiita unasaji. Kati ya wazima wote, sehemu iliyoitwa pasipo sababu nitaiita wito wa bure. Kati ya wote walioitwa, sehemu ambayo kweli ni wagonjwa nitaiita uhakika. Angalia kila kimoja kinagawanywa kwa nini. Unasaji unagawanywa kwa wagonjwa peke yao. Wito wa bure unagawanywa kwa wazima peke yao. Uhakika unagawanywa kwa mchanganyiko wa makundi yote mawili. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata yenyewe.

Mkunjo wa ROC, ambao asili yake ni kazi za rada za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata, huweka unasaji kwenye mhimili wa kusimama na wito wa bure kwenye mhimili wa kulala. Ule mwingine huweka uhakika kwenye mhimili wa kusimama, na unasaji unahamia kwenye mhimili wa kulala. Kuhama huko huwachanganya watu wengi wanapoweka michoro miwili sambamba: katika ROC unatafuta kona ya juu kushoto, katika wa pili unatafuta kona ya juu kulia.

Chora mwenyewe kwanza

Chukua watu kumi, wanne wagonjwa na sita wazima. Wapange kwa alama, kubwa ikitangulia. M ni mgonjwa, z ni mzima.

```
alama:  92 85 77 70 61 54 48 33 20 11
hali:    M  z  M  M  z  z  M  z  z  z
```

Chora sanduku la mraba. Weka kalamu kwenye kona ya chini kushoto, kisha soma mstari wa pili kutoka kushoto. Ukikuta M, panda juu robo ya sanduku, kwa sababu wagonjwa ni wanne. Ukikuta z, nenda kulia sehemu moja ya sita, kwa sababu wazima ni sita. Kwa hiyo unapanda mara moja, unakwenda kulia mara moja, unapanda mara mbili, unakwenda kulia mara mbili, unapanda mara moja ya mwisho, halafu unamalizia kulia mara tatu hadi kona ya juu. Ngazi uliyoichora ndiyo mkunjo wa ROC. Kila pembe yake ni kizingiti kimoja ambacho ungeweza kukichagua.

Eneo lililo chini ya ngazi hiyo ni nguzo sita zenye upana sawa. Urefu wake ni 0.25, 0.75, 0.75, 1, 1 na 1. Jumla ni 4.75, na ukigawanya kwa sita unapata 0.79. Hiyo ndiyo AUC.

Ipo njia nyingine ya kuipata, na hii ndiyo inayoeleza namba hiyo inasema nini. Mkutanishe kila mgonjwa na kila mzima, jozi 24 kwa jumla, na uhesabu ni mara ngapi mgonjwa ana alama kubwa kuliko mzima. Mwenye 92 anawashinda wote sita. Mwenye 77 anawashinda watano, na mwenye 70 vilevile. Mwenye 48 anawashinda watatu. Jumla ni 19 kati ya 24, yaani 0.79 ileile. Wangefungana alama, jozi hiyo ingehesabiwa nusu. Maelezo haya ya jozi yalienezwa katika utabibu na makala ya Hanley na McNeil ya mwaka 1982, na mpaka leo sijaona namna nyingine ya kuieleza AUC inayokaa kichwani vizuri zaidi: ukimchukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuchagua, ni mara ngapi programu itawapanga sawasawa. Kubahatisha tu kunatoa 0.5.

Sasa mkunjo wa pili, kwa orodha ileile. Kila unapomfikia M, simama na uulize: mpaka hapa nimeita wangapi, na wangapi kati yao ni wagonjwa? Kwa wa kwanza ni 1 kati ya 1. Kwa wa pili ni 2 kati ya 3. Kwa wa tatu ni 3 kati ya 4. Kwa wa nne ni 4 kati ya 7. Wastani wa sehemu hizo nne ni 0.75, na huo ndio muhtasari wa kawaida wa eneo chini ya mkunjo wa uhakika na unasaji. Ukiendelea hadi uite watu wote kumi, uhakika unaishia 4 kati ya 10. Mwisho huo wa kulia ukumbuke, nitaurudia.

Basi 0.79 na 0.75, tofauti ndogo. Sasa mfanye kila mzima awe wazima kumi wenye alama ileile, bila kumgusa mgonjwa yeyote. Una wagonjwa wanne na wazima 60. Ngazi ya ROC haibadiliki hata kidogo: badala ya kwenda kulia hatua moja ya sehemu ya sita, unakwenda hatua kumi za sehemu ya sitini, na unafika palepale. AUC inabaki 0.79. Lakini kwenye mkunjo wa pili, mgonjwa wa kwanza bado ni 1 kati ya 1, wa pili sasa ni 2 kati ya 12, wa tatu 3 kati ya 13, wa nne 4 kati ya 34. Wastani umeshuka kutoka 0.75 hadi 0.38. Programu ni ileile, alama ni zilezile. Kilichobadilika ni foleni ya watu walio mbele ya mashine.

Kutoka kliniki hadi kijijini

Sasa tufanye hesabu hiyo kwa kiwango cha kazi halisi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo kwa kipimo cha kuchuja kifua kikuu: kiwango cha chini kilichokubalika kilikuwa kunasa asilimia 90 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 70 ya wazima. Kwa lugha ya mkunjo, hiyo ni nukta moja: unasaji 0.90, wito wa bure 0.30.

Peleka nukta hiyo kwenye kliniki ya wagonjwa wa kifua, ambako tuseme watu 200 kati ya kila 1,000 wanaofika wana kifua kikuu. Utawanasa 180. Kati ya wazima 800, utawaita bure 240. Jumla ya makohozi ni 420, na uhakika ni 180 gawanya kwa 420, karibu asilimia 43. Unapima sampuli mbili na ushei kwa kila mgonjwa unayempata. Hakuna mratibu atakayelalamika.

Kisha panda na gari lenye mashine ya eksirei uende kwa wananchi wa kawaida. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Kenya mwaka 2015 na 2016 ulikadiria watu 558 wenye kifua kikuu kilichothibitishwa maabara kati ya kila watu 100,000 wenye miaka 15 na zaidi. Kwa watu 10,000 hiyo ni kama wagonjwa 56, na wengine 9,944 hawana. Kizingiti kilekile kitawanasa wagonjwa 50, na kitawaita bure watu 2,983. Sampuli 3,033 kwa wagonjwa 50: uhakika ni asilimia 1.65, yaani makohozi 61 kwa kila mgonjwa mmoja. Ukiwa na mashine moja ya vinasaba yenye nafasi nne, ambayo kila mzunguko huchukua saa moja na nusu hadi mbili, foleni hiyo itakuchukua wiki nyingi.

Nukta kwenye ROC haikusogea. Ndiyo maana mkunjo huu una faida yake kubwa na upofu wake kwa wakati mmoja. Faida ni kwamba unaweza kuubeba kutoka mahali pamoja hadi pengine, kwa kuwa hautegemei uwingi wa ugonjwa. Upofu ni huohuo.

Daraja la kuvuka ni fomula hii, ambapo `p` ni uwingi wa ugonjwa kwenu:

```
uhakika = p*tpr / (p*tpr + (1-p)*fpr)
```

Katika maktaba za programu, `tpr` ni unasaji na `fpr` ni wito wa bure. Ugonjwa ukiwa nadra kuna njia ya mkato ambayo unaweza kuifanya kichwani: uhakika unakaribia `p` mara `tpr/fpr`. Uwiano huo wa mwisho ni mwinuko wa mstari unaounganisha kona ya chini kushoto na nukta yako. Kwa 0.90 na 0.30 mwinuko ni 3, kwa hiyo uhakika ni kama 0.558 mara 3, asilimia 1.67. Si mbali na ile ya hesabu kamili.

Mwinuko huo unafichua jambo ambalo jicho halilioni kwenye mchoro. Tuseme unataka nusu ya unaowaita wawe wagonjwa kweli, kwa uwingi huo wa Kenya. Hapa njia ya mkato haitoshi; kwa fomula kamili, mwinuko unaohitajika ni kama 178. Ukiridhika na unasaji wa 0.60, wito wa bure hauruhusiwi kuzidi 0.0034. Kwenye mchoro wenye upana wa sentimita 10, huo ni umbali wa theluthi moja ya milimita kutoka ukingo wa kushoto, pengine ndani ya unene wa wino wenyewe. Kila kitu unachokitaka kimejificha kwenye ukingo huo, na sehemu yote iliyobaki, ile nzuri iliyopinda ambayo ndiyo inayojaza eneo la AUC, inazungumzia vizingiti ambavyo huwezi kuvimudu. Mkunjo wa uhakika na unasaji hutanua ukingo huo uenee karatasi nzima. Hiyo ndiyo kazi yake.

Programu mbili, maamuzi mawili

Tuchukue programu mbili za kubuni. Programu A, kwenye wito wa bure wa 0.02, inanasa 0.35 ya wagonjwa; kwenye 0.30 inanasa 0.95. Programu B inanasa 0.60 kwenye 0.02, lakini 0.85 tu kwenye 0.30. Unganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka kutoka kona hadi kona, na upime maeneo: A ina 0.868, B ina 0.857. Kwa AUC, A imeshinda.

Peleka zote mbili kwa watu wale 10,000. Kama maabara yenu inamudu sampuli zipatazo 220 au 230 tu, mko kwenye wito wa bure wa 0.02, ambao ni wazima 199. A itakupa wagonjwa 20 pamoja nao, uhakika wa asilimia 9. B itakupa wagonjwa 34, uhakika wa asilimia 15. Ukichagua kwa AUC, umewaacha watu 14 warudi nyumbani na ugonjwa wao. Kama maabara inamudu sampuli 3,000, mambo yanageuka: A inapata 53, B inapata 48, na uhakika wa zote mbili ni hafifu kiasi kwamba tofauti yake haina maana.

Kwa hiyo swali la programu ipi ni bora halina jibu kabla hujajua uwezo wa maabara. Anza na uwezo huo. Andika idadi ya sampuli mnazoweza kupima kwa mwezi na idadi ya watu mtakaowapiga picha, kisha tafuta kwenye kila mkunjo kizingiti kinachotoa idadi hiyo ya walioitwa, na ulinganishe wagonjwa waliopatikana. Maeneo chini ya mikunjo yatumie pale tu unapotaka kuchuja orodha ndefu ya programu kabla ya kazi hii.

Lililo salama ni hili: mkunjo mmoja ukiwa juu ya mwingine kila mahali kwenye ROC, utakuwa juu yake kila mahali kwenye mkunjo wa pili pia, kwa data ileile. Davis na Goadrich walilithibitisha mwaka 2006. Matatizo huanza mikunjo inapokatana, na katika data halisi hukatana mara nyingi.

Hapa niseme neno kuhusu ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba data isiyo na uwiano ikija, tupa ROC ushike mkunjo wa uhakika. Naona ushauri huo umekatwa nusu. Eneo chini ya mkunjo wa uhakika halilinganishiki kati ya mahali na mahali. Ukisoma 0.75 kutoka hospitali fulani na 0.38 kutoka kijiji fulani, huwezi kusema lolote kuhusu programu hizo. Umeona katika watu wetu kumi kwamba inaweza kuwa programu moja. Anayetoa namba hiyo bila kutaja uwingi wa ugonjwa ametoa nusu ya namba. ROC ndiyo inayosafiri. Mkunjo wa pili huchorwa upya ukishafika.

Kwenye kompyuta

Kwa maktaba ya `scikit-learn`, watu wetu kumi wanahitaji mistari hii:

```python
from sklearn.metrics import (roc_auc_score, roc_curve,
                             average_precision_score)

y = [1, 0, 1, 1, 0, 0, 1, 0, 0, 0]
s = [92, 85, 77, 70, 61, 54, 48, 33, 20, 11]

print(roc_auc_score(y, s))            # 0.7917
print(average_precision_score(y, s))  # 0.7470
```

Na kupeleka mkunjo kwenye uwingi wa ugonjwa wa mahali pengine ni hivi:

```python
fpr, tpr, kiz = roc_curve(y, s, drop_intermediate=False)
p = 0.00558
tpr, fpr, kiz = tpr[1:], fpr[1:], kiz[1:]
uhakika = p*tpr / (p*tpr + (1-p)*fpr)
```

Nukta ya kwanza inakatwa kwa sababu hapo hakuna aliyeitwa, na sifuri haigawanywi kwa sifuri. Ukiongeza safu ya `p*tpr + (1-p)*fpr` na kuizidisha kwa idadi ya watu mtakaowapima, unapata idadi ya sampuli kwa kila kizingiti. Safu hiyo ndiyo ya kumwonyesha mratibu.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi hapa halitoi onyo lolote. Mtu anaipa `roc_auc_score` majibu ya ndiyo na hapana badala ya alama, kwa kuwa ametumia `predict` pale alipotakiwa kutumia `predict_proba`. Kompyuta inakubali. Kwa watu wetu kumi, ukiweka kizingiti 50 kwanza kisha ukaomba AUC, utapata 0.625 badala ya 0.79, kwa sababu ngazi nzima imepunguzwa kuwa pembe moja. Ili kulitambua, chora mkunjo: ukiona mistari miwili iliyonyooka inayokutana kwenye kona moja, umetoa majibu badala ya alama. Ukiona AUC iko chini sana ya 0.5, kama 0.2 hivi, programu haijashindwa. Mara nyingi wagonjwa na wazima wamebadilishana namba 1 na 0 mahali fulani kwenye faili.

Kosa la pili ni la kuunganisha nukta za mkunjo wa uhakika kwa mistari iliyonyooka na kupima eneo, yaani kutumia `auc` juu ya safu za `precision_recall_curve`. Kwenye ROC mstari ulionyooka kati ya nukta mbili ni halali. Kwenye mkunjo huu wa pili si halali, kwa kuwa uhakika hauteremki kwa mstari unapoongeza walioitwa, na eneo linavimba, hasa pale nukta zinapokuwa chache na mbalimbali. `average_precision_score` hupima kwa ngazi na hukuepusha na hilo.

Unapoletewa mchoro wa mtu mwingine

Nilisema tukumbuke mwisho wa kulia wa mkunjo wa uhakika. Unasaji ukifika 1 kwa kuwaita watu wote, uhakika unakuwa sawasawa na uwingi wa ugonjwa katika data iliyotumika. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mkunjo wa uhakika, macho yaende kwanza kule kulia. Mstari ukiishia kwenye 0.5, wamekusanya wagonjwa na wazima nusu kwa nusu, na kila uhakika uliomo humo hauhusiani na kijiji chochote duniani. Si lazima iwe hila. Ni desturi ya kawaida ya kujenga programu. Waombe mkunjo wa ROC, soma nukta chache juu yake, na ujikokotolee uhakika wako kwa fomula.

Upande wa kushoto wa mkunjo huohuo nao uutazame kwa tahadhari. Pale uhakika unahesabiwa kwa watu wachache sana, na mtu mmoja mzima mwenye alama kubwa anaweza kuushusha kutoka 1 hadi 0.5 kwa hatua moja. Meno yanayopanda na kushuka upande wa kushoto ni ishara kwamba wagonjwa kwenye data ni wachache. Chagua watu upya kwa bahati, kwa kurudisha, mara elfu moja hivi, na uchore mikunjo yote pamoja: unene wa lile fungu utakuambia kama tofauti ya A na B ipo au umeiota. Unapochagua, chagua watu na si picha, maana mtu mmoja aliyepigwa picha tatu si mashahidi watatu.

Hata fomula ina sharti lake. Inadhani kwamba ni uwingi wa ugonjwa tu uliobadilika, na kwamba wagonjwa wa huku wanafanana na wagonjwa wa kule, na wazima vivyo hivyo. Kwa kifua kikuu dhana hiyo mara nyingi haishiki. Waliofika hospitali wamekohoa kwa wiki kadhaa na mapafu yao yanaonyesha. Wale wanaokutwa majumbani wengi hawajisikii vibaya na picha zao ni hafifu, kwa hiyo unasaji hushuka. Upande wa wazima, wazee na watu waliowahi kuugua kifua kikuu wakapona hubaki na makovu ambayo programu huyapa alama kubwa, na wito wa bure hupanda. Ngazi ya ROC yenyewe inasogea. Kama una picha 200 au 300 za wazima wa eneo lenu, hesabu tu ni wangapi wanavuka kizingiti kinachopendekezwa. Kwenye uwingi mdogo wa ugonjwa, hilo peke yake litakuonyesha uhakika wako kwa sehemu kubwa, hata kabla hujampata mgonjwa mmoja.

Na kuna pengo ambalo hakuna mkunjo unaoweza kulionyesha. Katika kazi ya uwanjani makohozi hutolewa na walioitwa tu. Aliyepata alama ndogo hapimwi, na kwenye faili anaandikwa mzima. Wagonjwa waliojificha miongoni mwao hawaingii kwenye hesabu ya wagonjwa wote, na unasaji unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, kwenye mikunjo yote miwili kwa pamoja. Uhakika hauguswi, kwa sababu walioitwa wote wamepimwa. Dawa yake ni kuchukua makohozi ya watu wachache waliochaguliwa kwa bahati kutoka kundi la alama ndogo, na kila aliyepimwa humo, mgonjwa au mzima, ahesabiwe kwa uzito wa wote anaowawakilisha, huku wasiopimwa wakiondolewa kwenye faili: ukipima mmoja kati ya ishirini, huyo mmoja ni sawa na ishirini. Weka uzito huo kwenye `sample_weight` ya `roc_curve`, na utazame mkunjo ukiteremka.